Kutoka kwenye mradi wa maji hadi swali la utafiti: jinsi ya kuandika maelezo binafsi ya maombi ya Masta

*Shikamoo Mwalimu. Nina shahada ya sosholojia na nimefanya kazi miaka sita na asasi ya maji vijijini mkoani Singida, upande wa uhamasishaji na mafunzo ya kamati za maji. Naomba Masta ya masomo ya maendeleo, na chuo kinataka maelezo binafsi yasiyozidi maneno 800 yanayoonyesha uzoefu wangu unahusianaje na ninachotaka kutafiti. Nimekutumia rasimu. Wenzangu wanasema inasomeka kama wasifu uliorefushwa, na mimi naona hivyo hivyo, ila sijui nitaunganishaje. Naomba msaada wako.*

Marahaba. Kiungo unachokitafuta umekwisha kukiandika. Kiko kwenye aya ya nne ya rasimu yako, katika sentensi uliyoipita haraka kama jambo dogo: "Katika kijiji kimoja wananchi waliacha kulipia maji hata baada ya kuhamasishwa mara kadhaa, ingawa mwaka huohuo walichanga bila shida kujenga madarasa." Baada ya nukta ukarudi kuorodhesha semina. Mimi ningebaki hapo hapo kwenye sentensi hiyo, na maelezo yote yangeota kutoka kwake.

Nieleze kwa nini. Waombaji wengi wa masomo ya maendeleo huunganisha kazi na utafiti kwa mada: nimefanya kazi kwenye maji, kwa hiyo nataka kutafiti maji. Anayesoma maombi hapati chochote hapo, kwa sababu mada inamwambia ulikuwa wapi na haimwambii ulikuwa unawaza nini. Anachokitafuta ni mahali ambapo kazi ilikuonyesha jambo, ofisi ikalitolea maelezo, na maelezo yale yakashindwa kulibeba jambo lenyewe. Pengo hilo, kati ya ulichokiona na maelezo uliyopewa, ndipo utafiti unapoanzia.

Wewe pengo unalo. Ofisi yenu ilisema watu hawalipi kwa kuwa elimu ni ndogo. Maelezo haya yamejaa kwenye ripoti za miradi nchi nzima, na sababu mojawapo ni kwamba yanaendana na kile ambacho mradi una bajeti ya kukifanya: kama tatizo ni elimu, dawa ni semina nyingine, na semina tunajua kuziendesha. Lakini watu wale wa madarasa ni walewale. Walielewa mchango ni nini, walikuwa na fedha, na walikubali kumkabidhi mtu mwingine fedha hiyo. Basi "elimu ndogo" haiwezi kuwa jibu, au angalau si jibu lote. Ukiliandika hilo kwa utulivu katika mistari minne ya mwanzo, msomaji wako ataacha kusoma wasifu na kuanza kusoma mtu anayefikiri.

Sasa tulifanyie kazi jambo hilo, maana ukiliacha kama lilivyo linabaki kisa cha kushangaza tu.

Jiulize, mchango wa madarasa ulitoka mfukoni mwa nani, na lini? Kwa vijiji vya Singida ninavyovifahamu, michango ya namna ile hukusanywa baada ya mavuno ya alizeti, fedha ikiwa bado ndani. Anayedaiwa ni mkuu wa kaya, anayedai ni mtendaji wa kijiji, jina linaandikwa, na habari imekwisha. Fedha ya maji haitoki hivyo. Inatoka kila siku, kwenye gati, yaani kituo cha kuchotea maji, ndoo kwa ndoo, na anayesimama pale na sarafu mkononi mara nyingi ni mama au mtoto. Chukua bei ya shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20, na kaya inayochota ndoo nne kwa siku. Hiyo ni shilingi 200 kwa siku, shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa mwaka inakaribia 73,000. Hakuna anayeiona 73,000 ikitoka, kwa sababu haitoki kwa pamoja. Inatoka kwenye fedha ya mboga, ya kuku aliyeuzwa mnadani, ya kibarua cha kupalilia. Mchango wa shule, hata ukiwa 20,000, ulitoka kwenye gunia la alizeti, na gunia la alizeti kwa kawaida lina msemaji wake.

Unaona swali linavyobadilika? Ulianza na "kwa nini wananchi hawalipi." Sasa tunauliza ni mwananchi yupi. Daftari la kamati linaijua "kaya" kama mlipaji mmoja. Gati linamjua mtu mmoja ndani ya kaya, na huenda si yule aliyeitwa kwenye mkutano wa kupanga bei.

Yapo maelezo mengine mawili yanayostahili kufikiriwa kabla hujachagua. La kwanza ni fedha inakokwenda. Ukichangia darasa unaliona likipanda kozi kwa kozi. Fedha ya ndoo inaingia kwenye akaunti. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na katika maeneo mengi vyombo vidogo vya kijiji kimoja kimoja viliunganishwa kuwa kimoja kinachohudumia vijiji kadhaa. Fedha ya kijiji A inaweza kununua pampu ya kijiji C. Kwa mhandisi hilo lina mantiki, kwa maana kijiji kimoja hakiwezi peke yake kumudu fundi na vipuri, lakini kwa mlipaji linabadilisha kabisa maana ya kulipa.

La pili ni historia. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400, na maji yale yalikuwa ya bure. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliibakiza mita 400 lakini ikaugeuza mkataba: watumiaji wa vijijini wakatakiwa kubeba gharama za uendeshaji na matengenezo. Mzee anayekataa kulipa leo huenda anakumbuka vizuri kabisa alichoahidiwa akiwa kijana. Kumwita mtu huyo asiye na elimu ni kukataa kumsikiliza.

Maelezo yote matatu yana uzito, na hapa ndipo waombaji wenye uzoefu mkubwa wanapojiharibia: wanataka yote yaingie. Maneno 800 hayatoshi, na tasnifu ya Masta, ambayo kwa kawaida ni maneno kati ya 10,000 na 15,000, nayo haitoshi. Chagua moja. Ningekuwa wewe ningechagua lile la kwanza nililoeleza, la mfuko wa nani ndani ya kaya, kwa sababu wewe ulikuwa pale kwenye gati na wenye vitabu wengi hawakuwepo, na kwa sababu linaweza kuchunguzwa na mtu mmoja kwa muda mfupi. Mengine mawili yataje kwa nusu sentensi ili ionekane unayajua na umechagua kwa makusudi.

Swali lenyewe liandike hivi, au karibu na hivi: *Ndani ya kaya, gharama ya maji ya gati inabebwa na nani, na hilo linaathiri vipi uamuzi wa kulipa, kupunguza ndoo, au kurudi kwenye kisima cha asili mvua zinaponyesha?*

Lilinganishe na ulivyoandika kwenye rasimu: "Nataka kutafiti namna ya kuboresha uelewa wa wananchi kuhusu umuhimu wa kuchangia huduma za maji." Sentensi hiyo ina jibu ndani yake. Imekwisha kuamua kwamba tatizo ni uelewa, ikabaki kutafuta mbinu. Kamati ya udahili huligundua hilo mara moja, na ndiyo sababu kubwa inayofanya watu wenye kazi nzuri sana wasomeke kama waandishi wa maandiko ya kuomba fedha za mradi. Jipime hivi: je, kuna jibu ambalo likitokea litakushangaza, au hata kuiumiza asasi uliyoifanyia kazi? Katika swali langu lipo. Inawezekana ikaonekana kwamba wanawake wanalipa zaidi kuliko mlivyodhani na wanaume ndio wanaoamua kaya irudi kisimani. Inawezekana pia ikaonekana mfuko wa nani hauna maana yoyote, na kinachoamua ni foleni na umbali. Swali lisiloweza kukupinga ni msimamo, na msimamo una mahali pake kwingine.

Angalia upande wa pili wa kosa hilo pia. Kwenye aya yako ya mwisho umeandika unavutiwa na "mabadiliko ya tabianchi, jinsia, utawala bora na maendeleo endelevu barani Afrika." Futa yote.

Tuje kwenye vitabu. Watu wengi huogopa sehemu hii na kuijaza majina saba ambayo hawajayasoma. Wawili wanakutosha, mradi uwe umesoma angalau makala moja ya kila mmoja mwanzo hadi mwisho na unaweza kusema mnapokubaliana na mnapoachana. Kwa swali hili wa kwanza ni Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Hoja yake, kwa kifupi sana, ni kwamba watumiaji wa rasilimali ya pamoja wanaweza kujiwekea kanuni na kuzisimamia wenyewe bila serikali kuwashikia fimbo na bila rasilimali kumilikishwa mtu binafsi, hasa pale wanapoweza kushiriki kuzibadilisha kanuni hizo, kuchungana, na kumwadhibu mkosaji kwa hatua. Kamati ulizokuwa unazifundisha zina harufu ya fikra hizo, hata kama mwongozo wenu wa mafunzo haukumtaja. Kumbuka tu kwamba yeye alijenga hoja yake zaidi kwa maeneo ya uvuvi, misitu, malisho na mifereji ya umwagiliaji. Kisima kirefu chenye pampu, tenki na mabomba kina gharama za fundi na vipuri ambazo msitu hauna, na ukilisema hilo kwa sentensi moja utakuwa umeonyesha umesoma kwa kufikiri.

Wa pili ni Frances Cleaver, aliyefanya utafiti Zimbabwe na hapa kwetu katika bonde la Usangu. Yeye anasema kamati na kanuni haziwi kama zilivyochorwa. Watu huzichanganya na mahusiano, desturi na heshima zilizokuwepo kabla ya mradi kufika, na kinachofanya kazi mwishowe ni huo mchanganyiko. Mwanakijiji kwake ni mke, ni shemeji, ni mdeni wa mtu, na uamuzi wake kwenye gati unapita humo. Kati ya hawa wawili ndipo swali lako linapokaa: mmoja anakupa lugha ya kanuni, mwingine anakukumbusha kwamba anayezifuata kanuni ana nyumba anakorudi.

Nimekuandikia mfano wa ufunguzi. Utauandika kwa Kiingereza kwenye fomu, lakini nakushauri fikra uzipange kwanza kwa lugha unayoota nayo, kwa sababu kwenye rasimu yako naona sentensi zilizokopwa kwenye ripoti, na sentensi za ripoti hujileta zenyewe tukianza moja kwa moja na Kiingereza cha ofisini.

"Katika kijiji kimoja cha Singida nilikofundisha kamati ya maji, makusanyo ya magati yalishuka mvua zilipoanza na hayakupanda tena zilipokatika. Ripoti yetu ilisema wananchi hawajaelimika vya kutosha. Lakini mwaka huohuo kijiji hicho kilichanga fedha za madarasa na kumaliza kwa wakati. Nilipolipitia daftari la kamati nilikuta majina ya wakuu wa kaya, karibu wote wanaume, ilhali waliokuwa wakilipa kwenye gati walikuwa wanawake na watoto wao. Tulikuwa tunamhamasisha mtu mmoja na kumdai mwingine. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza 'kaya' tuliyokuwa tukiihesabu kama mlipaji ni nani hasa."

Tafadhali zingatia kwamba mambo ya daftari nimeyajaza mimi kwa kukisia. Rudi kwenye kumbukumbu zako za kazi uangalie daftari lenu lilikuwaje. Kama liliandika majina ya wanawake, usiandike hivyo. Huenda ukakuta jambo jingine lenye thamani zaidi, kwa mfano kwamba mhazini alikuwa akiandika jumla ya siku tu bila majina, na hilo nalo lina maana yake kubwa. Mtu akikuhoji kwa simu baada ya kusoma maelezo yako, na vyuo vingine na wafadhili hufanya hivyo, swali la kwanza litakuwa kuhusu kitu hiki hiki.

Aya ya swali ningeiandika hivi:

"Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka watumiaji wa vijijini wagharamie uendeshaji wa miradi, na vyombo vilivyoundwa baadaye vimeichukulia kaya kuwa mlipaji mmoja. Ostrom ananisaidia kuona kwa nini kanuni walizojiwekea watumiaji zinaweza kudumu, lakini haniambii nini hutokea pale anayeshiriki kuweka kanuni si yule anayelipa. Kazi ya Cleaver kuhusu Usangu inanipa njia ya kulisoma hilo, kwa kumrudisha mtumiaji kwenye mahusiano yake ya nyumbani. Katika tasnifu nakusudia kuchunguza nani ndani ya kaya anabeba gharama ya maji ya gati, na hilo linaathiri vipi uamuzi wa kulipa au kurudi kwenye vyanzo vya asili."

Hakuna neno "shauku" hapo, wala "nimejitolea." Haikuhitajika.

Jambo linalofuata hutalikuta kwenye miongozo mingi, nami naliwekea uzito kuliko yote. Wewe si mgeni kwenye vijiji hivyo. Watu wanakufahamu kama mtu wa mradi, aliyekuja na fulana na mabango kuwaambia walipe. Ukirudi na dodoso, mama hatakwambia kwamba wiki iliyopita alichota kwenye korongo. Atakwambia analipa. Usilifiche hilo kwenye maelezo yako, liseme. Sentensi mbili zinatosha: kwamba nafasi yako inakufungulia milango na wakati huohuo inayapinda majibu, na kwamba kwa sababu hiyo ungependelea kijiji ambacho hukufanya kazi, chenye mradi wa aina ileile, au ungeanza na kumbukumbu za makusanyo kabla ya kumhoji mtu. Mhadhiri akisoma hivyo anajua kwamba miaka yako sita imekufundisha kitu ambacho mwanafunzi aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hana. Kwenye rasimu umejitahidi kuonyesha uzoefu kwa idadi ya kamati ulizofundisha. Idadi hiyo iko kwenye wasifu, na anayeusoma wasifu wako ni huyohuyo.

Kuhusu kumbukumbu za makusanyo: ni mali ya chombo cha maji au ya asasi, si yako, hata kama ziko kwenye kompyuta yako. Ukitaka kuzitaja kama chanzo cha utafiti, omba ruhusa kwa maandishi sasa, kabla hujaacha kazi, kisha uandike kwamba umeomba. Jina la kijiji usiliweke. "Kijiji kimoja cha Singida" panatosha.

Muda nao uufikirie, kwa kifupi. Masta ya mwaka mmoja, kama zilivyo nyingi za Uingereza, humwachia mwanafunzi takribani Juni hadi mwanzo wa Septemba kuandika tasnifu. Mwanafunzi wa chuo cha nje anayetaka kutafiti Tanzania atahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua za mkoa na halmashauri, na hayo yanakula wiki. Miezi hiyo kwa Singida ni kiangazi, kwa hiyo hutaona kwa macho yako kinachotokea wakati wa mvua, na swali lako linategemea mvua. Ndiyo maana daftari lenye makusanyo ya mwezi kwa mwezi ni muhimu kuliko mahojiano mengi. Liandike hilo kwenye maelezo yako. Litaonyesha swali lako limepimwa dhidi ya kalenda.

Sehemu ya "kwa nini chuo hiki" kwenye rasimu yako inasema chuo kina walimu mahiri na mazingira ya kimataifa. Ukibadilisha jina la chuo, sentensi haibadiliki, kwa hiyo haisemi kitu. Fungua ukurasa wa programu, tafuta kozi mbili zinazogusa swali lako, kisha useme zitakupa nini ambacho sasa huna. Kwa mfano, wewe umesoma sosholojia na unajua kuhoji watu, lakini hujawahi kuchambua mgawanyo wa matumizi ndani ya kaya. Kama kuna kozi ya jinsia na uchumi wa kaya, hiyo ndiyo sababu, na inatosha. Kama unaomba pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, sababu yako itakuwa nyingine kabisa: maktaba yake ina mkusanyiko wa East Africana, na wakati wa mpango ule wa 1971 watafiti wa BRALUP, ofisi ya chuo hicho iliyokuja kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, waliandika kuhusu maji vijijini. Swali lako lina miaka hiyo nyuma yake. Kwa hiyo maelezo ya chuo kimoja usiyahamishie kwenye kingine kwa kubadilisha jina tu. Aya hii iandike upya kila mara.

Insha za wafadhili ni kazi tofauti. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, huuliza kuhusu uongozi, mahusiano ya kikazi na mipango yako baada ya masomo, na huko yale mambo ya mafunzo na kamati yatapata nafasi yake. Ukiyalazimisha kwenye maelezo ya chuo yanakula maneno ya swali.

Ukinitaka nigawe maneno 800, ningetoa kama 200 kwa kisa cha kijiji na maelezo yaliyoshindwa, 250 kwa mjadala na swali, 150 kwa namna utakavyolichunguza pamoja na nafasi yako kwenye vijiji vile, 120 kwa programu, na yanayobaki kwa utakakokwenda baadaye. Hilo la mwisho lifanye dogo na la kweli. Umeandika unataka "kuleta mabadiliko chanya katika sekta." Kwenye ujumbe wako ulisema unafikiria kurudi kufanya kazi na vyombo vya maji kwenye upangaji wa bei. Andika hilo hilo: kwamba siku moja ungependa bei ya ndoo ipangwe na mkutano ambamo anayelipa yumo. Katika rasimu yako, utoto wako, maneno kuhusu umuhimu wa maji kwa binadamu, na orodha ya semina vinachukua kama nusu ya kurasa. Vikitoka, nafasi ipo tele.

Ukimaliza, wape watu wa aina mbili wasome. Mmoja awe fundi au mhasibu wa chombo cha maji, aseme kama gati na daftari ulivyovieleza ndivyo vilivyo. Mwingine awe mtu asiyejua lolote kuhusu maji vijijini. Baada ya kusoma mara moja mwombe akuambie kwa maneno yake unataka kujua nini. Akijibu "unataka kusaidia vijiji vipate maji," aya ya swali bado haijakaa sawa, rudi kwayo.

Halafu watumie wadhamini wako wa kitaaluma maelezo haya yakiwa yamekamilika, angalau wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na ujumbe mfupi unaomkumbusha kila mmoja alikuona wapi. Mkuu wako wa kazi anaweza kuandika kwamba ni wewe uliyeuliza kwenye kikao cha ofisi kwa nini madarasa yalichangiwa na maji hayakuchangiwa, kama kweli uliuliza. Mhadhiri wako wa zamani hawezi kujua hilo, lakini anaweza kuandika kuhusu tasnifu yako ya shahada ya kwanza na namna ulivyohoji watu. Wasipoona maelezo yako, wote wawili wataandika kwamba wewe ni mchapakazi, na kamati itabaki na barua mbili zisizogusa swali lako hata kidogo.